Mute, Ignore au kanuni: utumie ipi ofisi nzima inapojibizana kwa Reply All

Tangazo lilitoka saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu. Idara ya mishahara ilitaka kila mtumishi ahakiki namba ya akaunti yake ya benki kabla ya Ijumaa. Lilikwenda kwa anwani moja ya kundi, na nyuma ya anwani hiyo kulikuwa na watu 1,400: waajiriwa, walimu wa muda, na wastaafu kadhaa ambao hakuna aliyekumbuka kuwaondoa. Mimi nilikuwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi hiyo, na siku ile sikunywa chai.

Jibu la kwanza lilikuwa la heshima kabisa: "Nimeshahakiki, asanteni." La pili: "Mimi mfumo unanikataa." La nne au la tano ndilo lililowasha moto: "Naomba mnitoe kwenye kundi hili." Hapo wakafuata wengine kumi na kitu, "na mimi pia", kisha likaja kundi la walimu wa nidhamu: "Jamani acheni kubonyeza Reply All!", na wao wenyewe wameibonyeza. Hadi saa saba mchana nilihesabu majibu 63. Zidisha kwa wapokeaji 1,400 na unapata barua 88,200 zilizopita kwenye seva zetu kwa sababu ya tangazo moja.

Nadhani WhatsApp ina mkono hapa. Tumezoea kwamba kundi likikuchosha unajitoa mwenyewe, kimya kimya au kwa kelele. Kundi la barua pepe la kazini halina mlango huo. Msimamizi ndiye anayekuingiza na ndiye anayekutoa, na kitufe cha kujitoa kwa kawaida hakipo. Mtu akikitafuta asikione, anaandika. Akiandika kwa kubonyeza Reply All, ombi lake la kuondolewa linawafikia watu 1,399 wasio na uwezo wa kumwondoa.

Hata wenye mashine kubwa yamewakuta. Microsoft wenyewe walipata dhoruba ya namna hii tarehe 14 Oktoba 1997, kwenye kundi lao la ndani lililoitwa Bedlam DL3, lenye anwani kama 13,000. Tarehe 14 Novemba 2016 ikawa zamu ya huduma ya afya ya Uingereza, NHS: ujumbe wa majaribio ulikwenda kwa watumiaji wote wa mfumo wao wa barua pepe, kama 840,000, na ikakadiriwa kwamba barua milioni 500 zilizunguka ndani ya dakika 75 hivi. Mtu akisikia milioni 500 anafikiri watu wote walikuwa wanajibizana. Gawanya. Milioni 500 kwa 840,000 ni kama 595. Majibu mia sita tu yanatosha kuleta balaa lile, yaani hata mtu mmoja katika elfu hakujibu. Ukubwa wa kundi ndio unaoleta uharibifu, idadi ya wakorofi ni ndogo sana.

Turudi kwa watu wangu. Siku ile watatu walinipigia simu kwa shida ileile, na kila mmoja alikuwa na programu yake. Dada wa uhasibu alitumia Outlook ya kwenye kompyuta ya ofisi. Mwalimu wa muda alipokea barua zake kwenye Gmail binafsi. Mkuu wa idara alisoma kila kitu kwenye iPhone, kwa programu ya Mail iliyokuja na simu. Wote niliwaambia "nyamazisha uzi huo", na wote walifanya hivyo. Kilichotokea baadaye ndicho kilichonifundisha kwamba kitendo chenye jina moja hakifanani katika programu tatu.

Gmail: Mute

Kwenye Gmail unafungua uzi, unabonyeza nukta tatu, unachagua Mute. Kwenye kompyuta, ukiwa umewasha njia za mkato za kibodi, herufi `m` inatosha. Uzi unaondoka Inbox na kwenda kukaa All Mail, na majibu mapya yanaufuata hukohuko bila kupita mbele yako. Hakuna kinachofutwa. Ukitaka kuona yote uliyoyanyamazisha, andika `is:muted` kwenye sehemu ya kutafuta.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye msamaha wake. Mtu akiandika ndani ya uzi uleule lakini akakuandikia wewe moja kwa moja, uzi unarudi Inbox. Mwalimu wa muda aliona jambo hili siku ya Jumatano: mtu wa mishahara alijibu katika uzi ule, safari hii kwake peke yake, akimwambia kwamba tarakimu moja ya akaunti yake imekosewa. Barua ikaibuka juu ya Inbox yake kama kawaida. Gmail iliweza kutofautisha kwa sababu kelele zote zilikuja kupitia anwani ya kundi, na barua ile ilibeba anwani yake yeye. Kama mtuma tangazo angebandika anwani za watu 1,400 mojamoja kwenye mstari wa To, tofauti hiyo isingekuwa wazi hivyo.

Kasoro yake ni mbili. Gmail hukata uzi ukipita barua 100 na kuanzisha mwingine wenye kichwa kilekile. Kwenye dhoruba ya kweli, mia inafika haraka. Dalili ni rahisi kuiona: umenyamazisha asubuhi, mchana kichwa kilekile kiko tena juu ya Inbox. Kitufe hakijaharibika, huo ni uzi wa pili, unyamazishe nao. Kasoro ya pili ni mtu anayebadilisha kichwa cha habari, na kwenye kila dhoruba yupo mmoja anayeandika kwa herufi kubwa "ACHENI KUJIBU WOTE". Kichwa kipya, uzi mpya.

Outlook: Ignore

Dada wa uhasibu alifanya kinachoonekana ni kilekile. Alichagua barua moja, akaenda Home, akabonyeza Ignore. Njia ya mkato ni Ctrl na Delete. Outlook ilimpa onyo kwamba mazungumzo haya na yote yatakayofuata yatahamishiwa Deleted Items, akabonyeza kukubali bila kusoma. Nani husoma?

Lakini onyo lile linasema kweli tupu. Ignore haiweki barua pembeni, inazitupa. Tena inazitupa zote, ziwe za kundi au zako peke yako. Siku ya Alhamisi bosi wake alimwandikia yeye tu, akijibu ndani ya uzi uleule, akitaka orodha ya watumishi ambao hawajahakiki ifike mezani kabla ya saa sita. Barua ilitua Deleted Items na kukaa huko. Bosi alisubiri. Dada alikuwa anakunywa maji kwa amani, akinisifu kwamba kelele zimeisha.

Tuliipata kwa sababu bosi alimpigia simu. Tulifungua Deleted Items, tukachagua uzi, tukabonyeza Ignore tena, na Outlook ikatoa chaguo la Stop Ignoring Conversation. Barua zikarudi Inbox. Alikuwa na bahati. Outlook ina mpangilio wa kumwaga Deleted Items kila unapofunga programu, na ofisi nyingine zimeweka sera ya kufuta vilivyomo baada ya siku kadhaa. Angekuwa na mpangilio huo, barua ingehitaji kutafutwa kwenye Recover Deleted Items, mahali ambapo watu wengi hawajawahi hata kupasikia.

Kwa hiyo Ignore naipendekeza pale tu ambapo una uhakika kwamba hakuna mtu atakayekutafuta ndani ya uzi huo. Tangazo la paka aliyepotea, pongezi za harusi, hapo sawa. Uzi ulioanzishwa na mishahara, utumishi au bosi wako, usiuguse kwa Ignore.

iPhone: Mute ambayo ni ya sauti tu

Mkuu wa idara aliburuta barua kushoto, akabonyeza More, akachagua Mute. Alama ya kengele iliyopigwa mstari ikatokea, na simu ikaacha kulia. Baada ya nusu saa akanipigia: "Umeniambia zitaacha kuja, mbona ziko thelathini?"

Alikuwa sahihi. Mute ya Mail kwa kawaida inazima taarifa, basi. Barua zinaendelea kutua Inbox na kujipanga chini ya uzi wake. Kuna mpangilio unaobadilisha hilo: ndani ya Settings, kwenye sehemu ya Mail, ambayo kwenye matoleo mapya imo ndani ya Apps, tafuta Muted Thread Action. Hapo unaamua kama barua za uzi ulionyamazishwa zitiwe alama kwamba zimesomwa, au ziondolewe Inbox kabisa. Nilimwekea ya kwanza. Namba nyekundu ikaacha kupanda, na barua zikabaki mahali anapoweza kuziona. Kwa mtu ambaye hataki kupitwa na lolote ila hataki simu imtetemekee mkutanini, hii ni nzuri kuliko zote mbili zilizotangulia. Kwa anayetaka Inbox safi, haitamridhisha.

Watu wa bando huniuliza kama kunyamazisha kunaokoa data. Kidogo sana. Barua bado inafika kwenye akaunti yako na bado inachukua nafasi.

Kwa wa Outlook: kanuni badala ya Ignore

Baada ya kisa cha Alhamisi nilikaa na dada wa uhasibu tukatengeneza kanuni inayofanya kazi karibu kama Mute ya Gmail. Inachukua dakika tatu, wakati Ignore inachukua sekunde moja, na hiyo ndiyo gharama yake pekee ya maana.

Fungua File, kisha Manage Rules & Alerts, kisha New Rule. Sharti la kwanza ni kwamba barua imetumwa kwa anwani ya kundi. Kwenye orodha limeandikwa "sent to people or public group". La pili ni maneno ya kwenye kichwa, "with specific words in the subject", na hapo tuliandika "uhakiki wa akaunti". Kitendo ni kuhamishia kwenye folda tuliyoiita Kelele. Mwishoni wengi hubonyeza Finish wakiwa wamechoka, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu ukurasa unaofuata ni wa kutoa ruhusa maalumu. Chagua "except if my name is in the To or Cc box". Barua ambayo bosi amekuandikia wewe tu inapita tayari, maana haikutumwa kwa kundi; mstari huo ndio unaoifanya ipite hata akiwa ameacha anwani ya kundi humo pamoja na jina lako.

Usiache sharti la pili. Kanuni yenye anwani ya kundi peke yake itafagia na tangazo la kesho: mkutano umehamishwa, maji yatakatika, ofisi itafungwa. Hutaona lolote, na safari hii hutaweza kusema mfumo ulikosea. Kwa sababu hiyohiyo, ifute kanuni dhoruba ikipita. Mimi huweka kikumbusho cha wiki moja kwenye kalenda.

Faida nyingine ni kwamba kanuni ya kuhamisha barua hufanya kazi kwenye seva. Kompyuta ikiwa imezimwa, simu nayo inapata utulivu uleule. Na kwa kuwa inasoma kichwa, mtu wa herufi kubwa anaweza kuipita pia akiandika kichwa kipya kabisa. Hapo unaongeza neno lake kwenye orodha.

Anayeweza kuizima kweli

Yote hayo ni pamba za masikioni. Watu 1,400 wakiweka pamba, barua zinaendelea kupita. Kuzuia kwenyewe kuko mikononi mwa msimamizi wa mfumo, na hapa kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kinga ya Microsoft dhidi ya dhoruba hizi, waliyoitoa mwaka 2020 kwa wanaotumia barua pepe yao ya wingu. Inahesabu: majibu ya Reply All yakifika 10 ndani ya dakika 60, kwenye uzi wenye wapokeaji wengi, mfumo unafunga majibu ya kwa wote kwa saa kadhaa, na anayejaribu anarudishiwa barua ya kukataliwa. Anaweza bado kumjibu mtuma peke yake. Swali nililojiuliza Jumatatu ile ni kwa nini kinga yetu ililala. Jibu lilikuwa kwenye namba. Kiwango ambacho mfumo hutumia usipokibadilisha ni wapokeaji 2,500, na kundi letu lilikuwa na 1,400. Kwa macho ya mfumo, hatukuwa na dhoruba. Kiwango cha chini kabisa unachoruhusiwa kuweka ni 1,000, kwa hiyo tulishuka mpaka hapo, kwa amri hii ya Exchange Online PowerShell:

```
Set-TransportConfig -ReplyAllStormDetectionMinimumRecipients 1000 -ReplyAllStormDetectionMinimumReplies 5 -ReplyAllStormBlockDurationHours 4
```

Yaani wapokeaji kuanzia 1,000, majibu 5, kufungwa kwa saa 4. Tungekuwa nayo siku ile, idadi kubwa ya yale majibu 63 isingefika popote. Lakini ofisi yenye watu 600 haipati msaada wowote hapa, hata wakishusha mpaka chini kabisa.

Njia ya pili haijali ukubwa wa kundi. Unaamua nani anaruhusiwa kuandika kwa anwani ile, na wengine wote wanarudishiwa:

```
Set-DistributionGroup "Wafanyakazi Wote" -AcceptMessagesOnlyFromSendersOrMembers "Watoa Matangazo"
```

Kwenye Google Groups jambo hilohilo linafanyika bila amri, kwenye mipangilio ya kundi, sehemu ya nani anaweza kutuma. Nikilazimika kuchagua moja, ningechukua hii bila kufikiri mara mbili. Kinga ya kuhesabu inasubiri kelele zianze. Kizuizi cha watumaji hakisubiri. Lawama yake ni kwamba mtumishi wa kawaida hawezi tena kuwatangazia wenzake msiba moja kwa moja, na kwetu hilo lilizua manung'uniko ya haki. Tulilimaliza kwa kumweka mtu wa utumishi kwenye "Watoa Matangazo", awe anapokea taarifa za namna hiyo na kuzituma. Yuko kazini mpaka saa kumi jioni, na msiba hauchagui saa, kwa hiyo lawama haijaisha yote.

Kama huna mamlaka juu ya kundi lakini wewe ndiye unayetuma, bado una silaha moja: weka anwani ya kundi kwenye Bcc, na yako mwenyewe kwenye To. Anayebonyeza Reply All anakujibu wewe tu, kwa sababu anwani ya kundi haipo kwenye barua aliyoipokea. Wachache hulalamika kwamba hawajui barua imeenda kwa nani, basi andika mstari wa kwanza: "Tangazo hili limetumwa kwa watumishi wote." Tahadhari ni moja tu, na nimeiona kwa macho: ukiandika kwa kundi kwenye To na kumweka mtu fulani kwenye Bcc, kanuni niliyoieleza juu, yenye ruhusa ya "jina langu kwenye To au Cc", haitatambua kwamba barua hiyo ni yake binafsi. Ukitaka jibu la mtu fulani, mwandikie yeye kwenye To.

Idara ya mishahara ilirudia uhakiki mwaka uliofuata. Tangazo lilikwenda kwa Bcc, kwa kundi lililofungwa. Waliojibu walikuwa wengi tu, na kila jibu lilitua kwenye sanduku moja, la aliyetuma. Mchana alinipigia kuuliza namna ya kunyamazisha uzi kwenye Outlook.